Moshi mweusi: jicho la askari au kipima moshi?

Askari barabarani hutumia macho. Akiona lori la dizeli likitoa wingu jeusi mfululizo, anaandika faini, na ana sababu: weusi ule ni masizi, chembe za kaboni ambazo hazikuungua kwa kuwa mafuta yalizidi hewa. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Lakini jicho hudanganywa na mwanga, na halina namba.

Kipima moshi kinayo. Injini ikishapata moto, gia ikiwa huru, fundi hukanyaga mafuta haraka mpaka mwisho, mara kadhaa, huku kifaa kikipima mwanga unaozuiwa na moshi. Ulaya, injini nyingi za zamani zenye turbo zina kikomo cha 3.0 kwa mita, yaani kipimo cha jinsi moshi unavyozuia mwanga. Tuseme lori limesoma 3.6: chujio cha hewa kilichoziba kikibadilishwa, linaweza kushuka chini ya kikomo. Lisiposhuka, kagua nozeli zinazonyunyiza mafuta.

Mimi naamini kipimo kuliko jicho, ingawa hata chenyewe hakioni oksidi za nitrojeni, gesi chafu zinazotoka pia kwenye injini ya dizeli.