Forester mbili kwenye kona 57 za Matamba: yenye tabo na isiyo na tabo

Nyumbani kwetu ni Matamba, wilaya ya Makete, na mimi ninaishi Tabata. Anayekaa Dar es Salaam akinunua gari hufikiria foleni, mashimo na maji ya mvua. Mlima hatuufikirii, kwa sababu hapa kwetu mlima mrefu ni ule wa kupanda Kisarawe. Nami nilinunua Subaru Forester yangu ya kwanza kwa akili hiyo hiyo: toleo la SH5, injini ya lita 2.0 isiyo na tabo, nguvu ya farasi 148. Miaka minne nimekwenda nayo nyumbani. Mwaka wa tano nikaiacha kwa mke wangu, nikachukua SH5 nyingine, ile ya XT yenye tabo, nayo ni lita 2.0 lakini farasi 230. Bodi ni moja, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, njia ile ile, watu wale wale. Kwa hiyo ninachosema hapa nimekipima kwa mguu wangu kwenye pedali.

Njia yenyewe ni hivi. Ukitoka Dar unapita Morogoro na Mikumi, unapanda Kitonga, unaingia Iringa, halafu Mafinga na Makambako hadi Chimala. Chimala ndipo unapoiacha lami ya kwenda Mbeya na kuuvaa ukuta wa mlima. Barabara hiyo wenyeji tunaiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake, na mimi nimeipita siku zote ikiwa ya changarawe. Juu yake ni Matamba, na ukiendelea unatokea uwanda wa Kitulo, kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari.

Injini haichomi petroli peke yake, inachoma petroli na hewa, na hewa ndiyo inayopungua kadiri unavyopanda. Kitulo, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 73 ya ile ya Kigamboni. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa kushuka kwa pistoni tu, hivyo hupata kile kilichopo nje, basi. Farasi 148 wa Dar, kule juu wanabaki kama 108. Baridi ya Kitulo inarudisha kidogo, kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, lakini si ya kukufurahisha. IST ya 1.3 yenye farasi 87 itabaki na 63 hivi, nayo imebeba watu watano.

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, ikisukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Watu wengi huamini kwamba gari la tabo halipotezi kitu mlimani. Linapoteza, ila kidogo. Chukua mfano wa tabo inayoongeza 0.8 bar juu ya hewa ya nje. Dar hewa ya nje ni 1, ongeza 0.8, jumla 1.8. Kitulo ni 0.73 na 0.8, jumla 1.53, yaani asilimia 85. Farasi 230 wanakuwa kama 195. Kompyuta ya gari inaweza kuidai tabo ijazie pengo hilo, lakini hapo tabo huzunguka kwa kasi zaidi na hewa inayotoka huwa ya moto zaidi, kwa hiyo hailipi deni lote.

Kwa hesabu hizo ungesema mjadala umekwisha. Kona za Matamba zikanifundisha kwamba haujaisha.

Safari ya kwanza na XT, tulinunua magunia mawili ya mchele Chimala, tukapanda mimi, mke wangu, mama na watoto wawili. Kona ya tatu au ya nne nikaingia taratibu kama nilivyozoea, gia ikiwa D, mshale wa mizunguko uko karibu na 1,500. Nikakanyaga mafuta. Gari likakaa. Nikaongeza. Likakaa tena, halafu ghafla likaruka mbele, matairi ya nyuma yakapiga changarawe na mama akashika kiti kwa mikono miwili. Kilichotokea ni kwamba chini ya mizunguko 2,000 hivi moshi wa ekzosi ni mchache, hauna nguvu ya kuizungusha tabo. Wakati huo gari la tabo nalo ni gari lisilo na tabo, tena lililo dhaifu kidogo, kwa sababu injini hizi hutengenezwa na mgandamizo mdogo ili petroli isilipuke kabla ya wakati wake tabo ikianza kusukuma. Hewa ikiwa nyepesi, tabo huchelewa zaidi kuamka. Pale pale ndani ya kona, mahali unapohitaji nguvu ya taratibu, ndipo inapokunyima, kisha inakupa yote kwa mkupuo.

Gari langu la kwanza halikuwa na tabia hiyo. Kwenye kona zile zile niliweka gia ya kwanza, mizunguko 3,500 hadi 4,000, likapanda likinguruma lakini mguu wangu na magurudumu yakielewana. Nguvu inayohitajika kupanda kwa kilomita 40 kwa saa kwenye mwinuko wa moja kwa kumi, gari na mzigo vikiwa tani mbili, haizidi farasi 40. Farasi 108 wanatosha kabisa. Tatizo ni kwamba hao 108 wanapatikana mizunguko ikiwa juu tu. Ukiwa kwenye 2,000 unao kama 35, na ndiyo maana dereva anayeogopa kelele za injini huona gari limemfia. Halijafa, linataka gia ndogo.

Baba yangu mdogo, aliyebeba viazi kwa Fuso katika mlima huo miaka mingi, aliniambia jioni ile tukiwa tunakunywa chai: "Mwanangu, gia unabadili kabla ya kona. Ukishaingia umechelewa." Kesho yake nilipopanda kwenda Kitulo nikafanya hivyo: naisogeza gia kwenye upande wa kubadili kwa mkono, naweka ya kwanza mita 20 kabla ya kona, mizunguko naishikilia kati ya 2,500 na 3,000. XT ikawa gari jingine kabisa.

Mahali ambapo tabo inajilipa ni pengine, nako ni Kitonga na ile miinuko mirefu ya lami kutoka Mafinga. Unakuta semitrela inapanda kwa kilomita 15 kwa saa na una kipande kifupi kilichonyooka cha kuovateki. Gari la kwanza, nikikanyaga mpaka chini, giaboksi inashuka gia, injini inapiga kelele, na mara nyingi nilirudi nyuma ya lori kwa sababu kipande kiliisha. XT inapita na nafasi inabaki. Hapo ninazungumzia usalama wa familia yangu, na kwa sababu hiyo moja sijutii kuinunua.

Sasa shida yake, na hii nataka uisome vizuri kama unanunua yadi. Kabla ya safari niliipeleka gereji moja hapa mjini. Intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, ilitolewa ili gasketi inayovuja oili ibadilishwe, ikarudishwa. Wiki mbili nikaendesha Tabata, Posta, Mwenge, gari safi, taa ya injini haijawaka. Kitonga, nilipokanyaga mafuta mengi kwa mara ya kwanza tangu itoke kwa fundi, nikasikia mlio chini ya boneti kama tairi inayotolewa upepo, gari likapoteza nguvu kuliko hata lile la kwanza, na kwenye kioo nikaona moshi mweusi. Nikajikongoja hadi juu, mahali pa wazi, nikaacha injini ipoe. Mpira unaounganisha tabo na intakula ulikuwa umechomoka upande mmoja. Kibano chake hakikukazwa. Hewa iliyokwisha kupimwa na kihisi ilikuwa inatoka nje, kompyuta ikaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo, ndiyo ule moshi. Bisibisi na dakika kumi, tukaendelea.

Dar haikuonyesha kitu kwa sababu kwenye foleni hukanyagi hata nusu, tabo haisukumi, na mpira uliolegea unakaa kimya. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kununua au kabla ya safari, gari la tabo nalipandisha Kisarawe alfajiri barabara ikiwa tupu, gia ya pili, mafuta hadi chini kwa sekunde chache, redio imezimwa, vioo viko wazi. Mlio wa upepo pamoja na moshi mweusi ni uvujaji wa hewa, jambo dogo. Mlio mkali kama king'ora unaopanda na mizunguko ni beringi za tabo zinakwisha. Kisha acha gari lisimame likinguruma dakika tano, halafu kanyaga kidogo: moshi wa bluu ukitoka kwa wingi, oili inapita kwenye sili, mara nyingi za tabo. Hayo mawili ya mwisho, usilinunue kwa maneno ya muuzaji kwamba "ni kuservisi tu".

Matunzo nayo yana gharama. Beringi za tabo zinategemea oili safi, hivyo nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kusogeza tarehe, na nikimaliza mlima mrefu naacha injini izunguke dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isikaangwe ndani ya tabo iliyo moto. Kwa wese, la kwanza lilinipa kama kilomita 9 kwa lita mjini. XT kwenye foleni ya Tabata ni 7, wiki mbaya hata chini ya hapo.

Shemeji yangu wa Mbezi, anayekwenda Njombe mara moja kwa mwaka na siku nyingine zote yuko kwenye foleni, nimemshauri achukue isiyo na tabo, lita 2.0 au zaidi, na ajifunze kutumia gia ndogo. Mdogo wangu anayefanya biashara ya viazi, anayepanda na kushuka kila mwezi akiwa amejaza, nimemwambia achukue ya tabo na akae karibu na fundi anayeijua.

Kushuka, magari yote mawili ni sawa. Tabo haikusaidii chochote ukiteremka Hamsini na Saba na magunia ya viazi nyuma. Gia ya kwanza kutoka juu mpaka chini, breki unazigusa na kuziachia, na ukisikia harufu ya breki kuungua unatafuta mahali papana, unasimama, unasubiri zipoe kabla ya kufika Chimala.