Motifu, ishara na dhamira: mfano wa Shujaa Okonkwo

Wanaoanza uchambuzi huchanganya zaidi motifu na ishara. Ishara ni kitu kinachobeba maana kubwa kuliko chenyewe, na hata kikitokea mara moja kinatosha. Motifu lazima ijirudie, na maana yake hukua kila inaporudi.

Chukua riwaya ya Chinua Achebe ya 1958, Shujaa Okonkwo. Kiazi kikuu ni ishara: msimulizi mwenyewe anasema kinawakilisha uanaume. Moto ni motifu. Boma la Okonkwo linachomwa anapokwenda uhamishoni, na baadaye kanisa pia linateketezwa. Kati ya matukio hayo, Okonkwo, ambaye watu humfananisha na mwali unaonguruma, anatazama gogo likiungua na kuwaza kwamba moto ulio hai huzaa jivu baridi. Hapo, kwa maoni yangu, jivu lenyewe ni ishara ndani ya motifu: mwanawe Nwoye amemwacha na kufuata wamisionari.

Dhamira ni dai, kwa hiyo neno "moto" au "uanaume" pekee halitoshi. Iandike kwa sentensi kamili: hofu ya kuonekana dhaifu kama baba yake, Unoka, ndiyo inayomwangamiza Okonkwo.