Boksi liliandika 120, runinga ikanipa 60

Nilinunua runinga ya inchi 55 kwa ajili ya PS5 kwa sababu ya maandishi mawili kwenye boksi: 120 na HDMI 2.1. Nilipoiunganisha, nikaingia Settings, kisha Screen and Video, hadi Video Output Information. Ukurasa huo unaonyesha runinga inakubali nini, na kwenye 4K ilikuwa 60Hz tu. Ile 120 ni ujanja wa kulainisha mwendo: runinga inabuni picha za katikati, lakini kioo chenyewe hakipokei zaidi ya picha 60 kwa sekunde. HDMI 2.1 nayo haikuwa uongo, maana kanuni zake zinaruhusu kifaa kutumia jina hilo kikiwa na baadhi tu ya uwezo wake. Siku hizi namuuliza muuzaji swali moja: inapokea 4K kwa 120Hz, na kwenye tundu lipi? Runinga nyingine zina matundu manne na ni moja au mawili tu yanayoweza.

Kilichoniumiza zaidi ni kuchelewa. Nabonyeza shuti, nasikia kitufe kikilia, ndipo mchezaji anainua mguu. Nikarekodi kidole changu na skrini kwa simu, video ya picha 240 kwa sekunde, kila picha kama milisekunde 4. Tangu kidole kishuke hadi mguu uinuke nilihesabu picha 38. Nikawasha Game Mode, zikawa 21. Zile 17 zilizopungua, takriban milisekunde 70, ndizo runinga ilizokuwa ikizitumia kupamba picha. Zilizobaki zina sehemu ya padi na ya mchezo wenyewe, hizo huwezi kuziondoa kwenye menyu.

Runinga nikairudisha, nikachukua monita ya inchi 27, 1440p, 144Hz, yenye HDMI 2.0. Watu waliniambia HDMI 2.0 haitatoa 120Hz. Inatoa, ila si kwa 4K. Piga hesabu: 4K ina pikseli milioni 8.3, mara 60 ni kama milioni 498 kwa sekunde. 1440p ina milioni 3.7, mara 120 ni kama milioni 442. Mzigo ni mdogo kuliko ule ambao HDMI 2.0 tayari inaubeba. PS5 ilianza kutoa 1440p Septemba 2022, na kuna kitufe cha Test 1440p Output cha kuhakikisha.

Nakaa sentimita 70 kutoka kwenye skrini na sioni pengo la 4K. Kwa aliye kwenye kochi mita tatu mbali, monita hii ni ndogo mno. Na VRR, yaani skrini kubadili kasi yake ifuate ya mchezo, sina, kwa sababu PS5 inaitoa kwa HDMI 2.1 pekee: mchezo ukishuka hadi picha 90 kwa sekunde, mikwaruzo ya mwendo naiona. Michezo ninayocheza mimi hushikilia 120 karibu muda wote, kwa hiyo monita imebaki mezani.