Fomu ya Epilim: miaka tisa nameza, siku moja naelezwa

Nilianza valproeti, hii tunayoijua kwa jina la Epilim, nikiwa na miaka 16 kwetu Mombasa. Asubuhi mikono ilikuwa ikinishtuka hadi kikombe cha chai kinaruka, na nikikesha naanguka kifafa kabisa. Dawa ilinikubali, kuanguka kukakoma. Kwa miaka tisa hakuna aliyenigusia habari ya mimba, hata nilipokwenda kuchukua dawa na pete ya uchumba kidoleni. Nikaolewa, nikahamia Uingereza, na kliniki ya kifafa ya hapa ikaniita kwa ukaguzi wa kila mwaka na kutia saini fomu kuhusu dawa hii na mimba.

Nilikwenda na mama mkwe. Nesi alimwomba kwa adabu asubiri nje, na moyoni nikashukuru, kwa sababu mbele yake nisingethubutu kusema kuwa mimi na mume wangu tulikuwa tumeacha kujikinga miezi miwili nyuma. Nesi hakushtuka. Alinipa kikopo nikapime mkojo kwanza. Sikuwa na mimba.

Mkalimani alikuwa kwenye simu. Nesi akaeleza kwa kirefu, mkalimani akanifupishia: "Dada, dawa hii si nzuri kwa mtoto." Nesi alishuku maana maneno yake yalikuwa mengi kuliko hayo. Akachukua karatasi, akachora vidoti 100, akazungushia 11: hao ni watoto wanaozaliwa na kilema kikubwa mama akimeza valproeti, kama mgongo wazi, mdomo sungura au tundu kwenye moyo. Kwa wanawake wengine ni wawili au watatu. Kisha akachora mstari kuzunguka vidoti 30 hadi 40, watoto wanaochelewa kutembea na kusema, wenye shida ya kujifunza au usonji. Hao wanaweza kuzaliwa wazima wa mwili, usione kitu. Akaniambia nimrudishie yote kwa maneno yangu. Nilipokosea akarudia.

Nilimuuliza, si nitaacha dawa nikishakosa siku zangu? Hapo ndipo palinifungua macho. Mrija unaokuwa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutunga, na wiki hizo wengi wetu bado tunahesabu tarehe tukidhani zimechelewa tu. Asidi ya foliki alinipa, miligramu 5 kwa siku, lakini akasema wazi kuwa haifuti madhara ya valproeti. Na kuacha ghafla ni hatari nyingine: kifafa hurudi kwa nguvu, kinaweza kuua. Ukigundua una mimba, endelea kumeza na uwaone madaktari upesi.

Basi tukapanga kubadilisha. Lamotrijini ni salama zaidi kwa mimba, ila kwa kifafa cha mishtuko kama changu inaweza kuizidisha hiyo mishtuko, na ikichanganywa na valproeti lazima ipandishwe polepole mno kwa sababu ya upele mbaya wa ngozi. Daktari bingwa akachagua levetirasetamu: 250 asubuhi na jioni, baada ya wiki mbili 500. Ndipo Epilim ikaanza kushuka kutoka 1000, miligramu 200 kila wiki mbili. Levetirasetamu ilinipa hasira, mume wangu atakuwa shahidi, lakini mwezi wa pili ikatulia.

Wakati wote huo nilitakiwa nijikinge kwa njia ya uhakika, kitanzi au kipandikizi. Nilichagua kipandikizi, dawa zangu hizi mbili hazikidhoofishi. Ningekuwa kwenye kabamazepini au fenitoini kisingetegemewa, na hili waulizeni wanaowawekea, maana wengi hawaulizi unameza nini.

Fomu yenyewe ilikuja mwisho. Ina vipengele vya yote tuliyozungumza, daktari anatia saini, nawe pia, na inarudiwa kila mwaka ukiwa bado kwenye dawa. Nilidhani natia saini kwamba sitazaa. Sivyo: unakiri kuwa umeelezwa na umeelewa. Nakala moja yako, nyingine ya daktari wako wa mtaani.

Lawama yangu iko hapo. Nakala ya daktari wa mtaani haikufika, na duka la dawa wakaniuliza kama nimeshaona bingwa. Dawa walinipa, lakini nilisimama kaunta nikieleza habari za uzazi mbele ya foleni. Sasa picha ya fomu iko kwenye simu yangu. Na fomu niliyopewa ilikuwa kwa Kiingereza tu. Bila ule mchoro wa vidoti ningetia saini kitu nisichokijua.

Kliniki naipa nyota nne kati ya tano. Kidonge cha mwisho cha Epilim nilimeza wiki sita zilizopita. Kipandikizi bado kiko mkononi. Bingwa anataka kwanza aone miezi kadhaa bila mishtuko. Mama mkwe anauliza kila Ijumaa. Mume wangu ndiye anayemjibu.