Kuomba chama cha kitaaluma kisambaze nafasi ya kazi kwa wanachama wake: PDF tu, au tangazo la kukopi?

Wengi wanaandika "tafadhali wasambazieni wanachama", wanabandika PDF ya kurasa nne, basi. Sasa katibu inabidi aifungue, aisome, atafute dedlaini, aandike muhtasari mwenyewe, na mara nyingi hiyo kazi anaifanya kwa kujitolea usiku baada ya kazi yake, kwa hiyo inakaa kwenye inboksi mpaka nafasi inafungwa.

Njia ya pili, unaweka mistari miwili ya ombi halafu chini yake tangazo lililo tayari: "Mhasibu mwandamizi, mkataba miaka 2, awe na usajili hai wa bodi, mwisho wa kuomba tarehe 30, mshahara na maelezo kwenye linki hii." Anakopi, anabandika kwenye grupu, kwisha. PDF bado unaiambatanisha kwa anayetaka undani.

Mi naenda na ya pili, ila ina ubaya wake: ukikosea tarehe imeshasambaa, huirudishi tena, so ihakiki kwanza. Pia uliza kama chama kinatoza waajiri kwa kusambaza, vyama vingine vinatoza. Na usiombe orodha ya imeli za wanachama (kuna watu wanaomba kweli!), hapo wanakushtukia tu.