Laptopu ilipodai tarakimu 48: uzoefu wangu na BitLocker

Nimetumia laptopu yenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, zana ya Windows inayosimba data isisomeke bila ufunguo, kwa karibu miaka miwili bila kujua kwamba imefungwa. Nilijua tarehe 18, siku mbili kabla ya mwisho wa kupeleka ritani za VAT, nikiwa na hesabu za maduka manne ndani ya mashine hiyo hiyo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo laptopu ilikuwa imeniletea sasisho la programu dhibiti ya ubao mama, ile ambayo mafundi wengi bado wanaiita baiosi. Nikakubali, ikajizima, ikajiwasha, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta skrini ya bluu imeandikwa "Enter the recovery key for this drive", na chini yake kitambulisho kirefu cha herufi na namba, "Recovery key ID". Nikaingiza nenosiri langu la Windows. Kisanduku kile hakitaki nenosiri, kinataka tarakimu 48 zilizopangwa makundi 8 ya tarakimu sita sita, na mimi sikuwahi kupewa kitu cha namna hiyo.

Fundi wa mtaani alinipa jibu la haraka: "Tupige Windows upya, bosi." Nashukuru sikumkubalia. Kupiga Windows upya kunaiponya laptopu na kuzika mafaili. Nikamwuliza kama tunaweza kuchomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Tukajaribu, na mashine ya pili nayo ikadai ufunguo ule ule, maana kilichofungwa ni diski yenyewe.

Kilichotokea si hitilafu ya diski. Kwenye ubao mama kuna chipu iitwayo TPM, nayo ndiyo inayoutoa ufunguo kimya kimya kila asubuhi. Kabla ya kuutoa hupima mazingira ya uwashaji na kuyalinganisha na yale yaliyokuwepo siku ufunguo ulipokabidhiwa kwake. Sasisho langu liligusa vyeti vya Secure Boot, ulinzi unaohakiki kwamba programu za uwashaji ni halali, kwa hiyo vipimo vya asubuhi ile havikufanana na vya jana. Chipu haiwezi kutofautisha sasisho halali na mwizi anayechezea ubao, basi ikagoma. Programu ya sasisho ilipaswa kuusimamisha ulinzi kwa muda kabla ya kuanza, na hapo ndipo ninapoitolea kasoro kampuni iliyotengeneza laptopu. Haikusimamisha, wala haikunionya.

Jambo lililoniokoa ni hili. Mashine yangu ni ya Windows Home, na humo usimbaji hujiwasha wenyewe. Lakini hata data ikishasimbwa, kufuli halijifungi mpaka nakala ya ufunguo iwe imepelekwa kwenye akaunti ya mtandaoni. Mtu anayetumia akaunti ya ndani ya kompyuta tu, data yake husimbwa huku ufunguo ukiachwa wazi, na skrini ile haimpati. Kwa hiyo kama laptopu ya aina yangu inakudai ufunguo, upo mahali fulani. Swali ni kwenye akaunti ya nani.

Nikafungua simu, nikaingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa anwani yangu. Hakuna kitu. Hapo wengi hukata tamaa, na mimi nilikaribia. Kisha nikakumbuka kwamba siku laptopu ilipoletwa sikuiwasha mimi. Aliyeiandaa ni mpwa wangu, wakati huo akiwa chuoni, na akaunti yangu niliiongeza baadaye. Ufunguo hupelekwa kwenye akaunti ya msimamizi iliyoingia wakati kufuli linafungwa, hata kama leo mashine inatumiwa na mtu mwingine kabisa.

Nikampigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Ile laptopu yangu uliifungua kwa akaunti gani?" Akacheka kidogo, kwa aibu nadhani. Alitumia akaunti yake ya zamani ya barua pepe ili aharakishe. Ilimchukua dakika kumi kukumbuka nenosiri, na humo akakuta funguo mbili: moja ya laptopu yake, nyingine ya kwangu. Hapo ndipo kitambulisho kile kwenye skrini kinapofanya kazi yake. Nilimsomea herufi nane za mwanzo naye akatafuta mstari unaoanza hivyo hivyo. Jina la kompyuta lisingetusaidia, yote mawili yalianza na DESKTOP.

Akanisomea tarakimu, nikaandika kwenye karatasi, nikaingiza, ikakataa. Tukarudia, ikakataa tena. Kuna hila ndogo hapa inayofaa kujulikana: kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki kitu. Nilichukua kikokotoo nikapita kundi moja moja. Kwa mfano (namba si zangu), 419628 ukigawa kwa 11 unapata 38148 kamili, lakini ukikosea ukaandika 416928 inabaki 6. Kundi langu la tano ndilo lililokuwa limegeuzwa tarakimu mbili. Nikasahihisha, Windows ikafunguka.

Sikuulizwa tena nilipoiwasha mara ya pili, kwa sababu ukishafungua kwa ufunguo huo vipimo vipya ndivyo vinavyowekwa kwenye chipu. Kabla sijagusa ritani nilifungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi nikaandika:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Amri hii huonyesha kitambulisho na tarakimu zote 48 mradi umeshaingia ndani. Nilizinakili kwenye karatasi mbili: moja iko kabatini, nyingine kwa dada. Usizihifadhi kwenye faili ndani ya diski hiyo hiyo, utakuwa umefungia funguo za nyumba ndani ya nyumba.

Laptopu ya kazini au ya chuo ni habari tofauti. Ufunguo wake mara nyingi uko kwenye akaunti ya taasisi, unaupata kupitia aka.ms/aadrecoverykey au kwa watu wa TEHAMA wenyewe. Na aliyewasha BitLocker kwa mkono kwenye Windows Pro aliambiwa achague pa kuuweka, kwa hiyo apekue flashi zake kutafuta faili ya TXT yenye jina linaloanza na "BitLocker Recovery Key", au karatasi iliyochapwa. Toleo la 24H2 la Windows 11 limeongeza jambo jema: skrini ya bluu inakudokeza ni akaunti gani ya Microsoft iliyohifadhi ufunguo. Yangu ilikuwa toleo la nyuma. Kusumbuka kupiga simu kwa Microsoft hakuna faida, hawawezi kukutengenezea ufunguo uliopotea.

Je, nimezima usimbaji? Hapana. Laptopu ina namba za utambulisho za wateja, na mwizi wa daladala akiichukua atabaki na chuma tu. Nakala ya mpwa wangu nimeiacha ilipo, haimfai kitu bila mashine. Kama aliyeiandaa angekuwa kijana wa dukani nisiyemjua, ningelala vibaya.

Mwezi uliopita sasisho jingine lilikuja. Safari hii nilitangulia:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 2
```

Ulinzi unasimama kwa kuwashwa mara mbili, kisha unarudi wenyewe. Niliweka mbili kwa sababu sasisho la kwanza lilijizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Ilipomaliza nikaandika `manage-bde -status C:`, ikajibu "Protection On", nikaendelea na hesabu za duka la pili.