TAHADHARI: Apu ya kutredi kripto inayokudai "kodi" kwanza ndo utoe hela yako

Kama sasa hivi una hela kwenye apu ya kripto na umeambiwa ulipe kodi au dhamana kwanza ndo utoe, usitume hata senti, soma hii kwanza maana mimi nilituma. Jina la apu nimeliacha makusudi, hawa watu wakishtukiwa tu wanabadilisha jina na linki, sasa ukikariri jina utawakwepa leo halafu kesho unaangukia kwa walewale wenye nembo mpya. Bora ujue wanavofanya kazi.

Jamaa alinikuta kwenye grupu la watu wa hisa. Mimi hisa nimenunua kwa miaka kadhaa, kidogokidogo, kupitia dalali mwenye leseni, sikuwa mgeni wa masoko na nadhani ndo maana alinichagua. Akanifuata inboksi kwa heshima kabisa: "Ndugu yangu hisa zako zinalala. Soko linafungwa, wikiendi hakuna kitu, ukiuza unasubiri hela. Huku soko liko wazi saa 24 siku 7, hata usiku wa manane unatoa chako." Na kuhusu saa hakudanganya, kripto kweli haifungwi, hakuna sikukuu wala Jumapili. Alichoacha kuniambia ni kwamba kule kufungwa kwa soko la hisa kunamlinda mtu. Soko la hisa la New York kwa mfano kipindi chake cha kawaida ni saa sita na nusu tu kwa siku, na bei ya soko zima ikiporomoka asilimia 7 wanasimamisha biashara dakika 15, ikifika 13 wanasimamisha tena, ikifika 20 wanafunga mpaka kesho yake. Yaani kuna muda wa kupumua, wa kulala, wa kumpigia dalali simu na kumuuliza hili jambo limekaaje. Kwenye kripto hakuna anayesimamisha kwa niaba yako, na huyu jamaa kila jambo kubwa alikuwa ananiletea usiku, saa saba, saa nane, "ingia sasa hivi mshumaa unapanda," yaani ile nguzo ya bei kwenye chati, na mtu akiwa na usingizi anabonyeza tu.

Lakini saa siyo kitu kilichoniliza. Kilichoniliza ni swali ambalo kwenye hisa sikuwahi kulazimika kuuliza: hii mali imeshikwa na nani?

Ukinunua hisa, dalali anapeleka oda tu, hisa zenyewe zinaandikwa kwenye hifadhi kuu ya hisa, ama kwa jina lako ama kwa jina la anayezishika kwa niaba yako, na dalali mwenye leseni anatakiwa kisheria atenge mali ya wateja na mali yake. Akifilisika, hisa zako hazifi naye. Marekani wana mpaka mfuko wa kufidia, SIPC, unaofikia dola 500,000 kwa mteja pale dalali akianguka na mali ya wateja ikakosekana (haufidii bei ikishuka, hilo ni lako). Sasa kwenye jukwaa la kripto, ukituma sarafu zako kule, zinaingia kwenye waleti ya jukwaa, funguo za siri za kuzihamisha wanazo wao, na ile namba unayoiona kwenye skrini ni maandishi kwenye daftari lao la ndani. Jukwaa la kweli linaweka daftari hilo kwa uaminifu na lina sarafu za kulitosheleza. La wezi lina daftari tu. Kwa macho zinafanana kabisa, na mimi nilikuja na akili ya hisa kwamba nikiona namba basi mali ipo mahali.

Nilivyoingia: nilinunua USDT 300, sarafu ya kripto inayofuata bei ya dola, kwenye jukwaa la kweli, nikazituma kwenye anwani iliyotolewa na apu ya jamaa, mtandao wa Tron, anwani zinazoanza na herufi T. Apu ikaonyesha 300. Baada ya wiki inaonyesha 380 na kitu, nikajaribu kutoa 50, zikafika ndani ya dakika chache. Hapo ndo nilipoamini na hapo ndo waliponikamata, ile 50 ilikuwa chambo, tena walinilipa kwa hela yangu mwenyewe. Nikaongeza 1,200. Wiki ya tatu skrini inasema 4,860.

Jumamosi usiku nikaomba kutoa 2,000. Ikakaa "inakaguliwa" mpaka asubuhi, kisha wa huduma kwa wateja akaandika kwamba nadaiwa kodi ya faida asilimia 15, niilipe kwa amana mpya, isikatwe kwenye salio kwa sababu salio "limefungwa na mfumo." Nikapiga hesabu: nimeweka 1,500, nimetoa 50, faida 3,410, asilimia 15 yake ni 511.50. Hesabu ilikaa sawasawa na mtu ukiona hesabu imekaa sawasawa unaona kama ni jambo rasmi, nikatuma 512. Kesho yake wakaja na dhamana ya kuthibitisha waleti, 800. Ndo nikastuka. Jumla niliyopoteza ni USDT 1,962.

Hebu tusimame kwenye hiyo kodi. Dalali wa hisa akikudai ada anaikata kwenye mauzo yako. Jukwaa la kripto la kweli nalo linakata ada ya kutoa kwenye salio lako, ukitoa 2,000 unapokea 2,000 kasoro ada. Na kodi kama ipo, unailipa kwa mamlaka ya kodi au inakatwa kwenye kile unacholipwa, haitumwi kwa USDT kwenye anwani ya mtu. Kama kweli nina 4,860, kwanini 511 isitoke humohumo? Jibu ni kwamba hamna kitu humo. Hilo swali moja lingeniokolea 512.

Niliposhtuka nikafanya vitu viwili ambavyo ningetakiwa nifanye siku ya kwanza. La kwanza nilifungua chati pembeni kwa pembeni, BTC/USDT ya kwao na ya majukwaa makubwa matatu, dakika ileile. Kwao mshumaa wa dakika moja umepanda karibu asilimia 3, kwingine kote bei haijatingishika. Bei ya Bitcoin inatofautiana kidogo kutoka jukwaa hadi jukwaa ndiyo, lakini tofauti kubwa hivo haikai, watu wanaonunua pa bei rahisi na kuuza pa bei ghali wanaifuta haraka sana. Chati yao ilikuwa inachorwa na wao. Faida yangu yote ilikuwa mchoro.

La pili, nilifungua Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao wa Tron. Kila muamala wa mtandao huo una namba yake, TXID, herufi na tarakimu 64, unaibandika kule na mtu yeyote anaona. Nikabandika ya zile 1,200. Zimefika kwenye anwani yao, dakika 12 mbele zimehamishwa anwani nyingine zikachanganywa na za watu wengine, halafu zikaendelea mbele. Hapa niwe muwazi, kuhamishwa peke yake siyo ushahidi wa wizi, hata majukwaa ya kweli yanakusanya amana za wateja kwenye waleti yao kuu. Ushahidi ulikuwa upande wa kutoa: niliwaomba TXID ya ile 2,000 waliyodai "imeshatumwa ila imekwama kwenye mtandao", wakanipa namba ambayo kwenye blokcheni, lile daftari la wazi la miamala yote, haipo kabisa. Muamala ukitumwa unaonekana. Anayekwambia umetumwa na hauonekani, hajatuma.

Sasa kuna watu wataniambia kosa ni apu feki, nenda kwenye jukwaa kubwa yaishe. Jukwaa kubwa ni salama kuliko wezi hawa, nakubali, ila swali la nani kashika funguo linabaki palepale. Mt. Gox liliwahi kuwa jukwaa kubwa kuliko yote duniani, Februari 2014 likafunga likisema Bitcoin kama 850,000 hazionekani, baadaye zikapatikana kama 200,000, na wateja walisubiri karibu miaka kumi kuanza kulipwa. FTX ilikuwa na matangazo kila kona, Novemba 2022 ikafilisika, hela za wateja kwa mabilioni ya dola zilikuwa zimepelekwa kwenye kampuni dada ya kutredi, mkuu wake Sam Bankman-Fried akahukumiwa miaka 25 jela Machi 2024. Wateja wa pale nao walikuwa wanaona salio zuri kwenye skrini mpaka siku kitufe cha kutoa kilipoacha kufanya kazi. Mimi sasa sihifadhi kwenye jukwaa, naingia, nanunua, natoa kwenda waleti yangu.

Na waleti yako mwenyewe nayo ina namna yake ya kukuliza. Ukiifungua inakupa maneno 12 au 24, hayo ndo mali yenyewe, simu ikipotea unayaandika kwenye simu nyingine kila kitu kinarudi, na mwenye hayo maneno anachukua vyote bila kuigusa simu yako. Hakuna dalali wa kumpigia, hakuna hifadhi kuu ya kwenda na kitambulisho. Andika kwenye karatasi, usipige picha wala kuweka skrinishoti. Nasema hivi kwa sababu baada ya kulalamika kwenye magrupu, ndani ya siku mbili walinifuata watu watatu wanaojiita wataalamu wa kurudisha kripto iliyoibiwa, mmoja anataka ada ya mbele, wawili wanataka yale maneno 12 "ili wasawazishe waleti." Ni genge lilelile au ndugu zao. Muamala ukishathibitishwa kwenye blokcheni hakuna mtaalamu wa kuugeuza.

Kinachowezekana ni kidogo na kinataka haraka. Kampuni inayotoa USDT ina uwezo wa kufungia sarafu zilizo kwenye anwani fulani ikiombwa na vyombo vya sheria, kwa hiyo ripoti polisi ukiwa na TXID zote, anwani zote ulizotuma, na mazungumzo yote kabla hawajakufuta, na ujulishe pia jukwaa ulilonunulia, kwa sababu wakati mwingine hela inapita kwenye jukwaa jingine lenye kitambulisho cha aliyeipokea. Mimi niliripoti siku ya tisa, anwani ilikuwa tayari tupu.

Kama bado uko ndani na bado hawajaanza kukudai chochote, usiwaambie umestuka. Omba kutoa salio lote leo, siyo 50. Zikifika kwenye waleti yako na ukaziona Tronscan, sawa. Wakianza kukuambia ulipe kitu kwanza, piga skrinishoti ya hayo maneno yao na usitume tena. Na wenye anwani walizopewa na apu za namna hii ziwekeni hapa chini tulinganishe, anwani tu, msiweke majina wala namba za simu za watu.